Pointi za kadi ziwe na tarehe

Mhariri,

Wenye kadi za benki wengi hulalamika kwamba pointi zao zimeliwa, kumbe bado hazijaingia. Ukilipa dukani, benki kwanza huzuia tu kiasi ulicholipa. Pointi kwa kawaida huhesabiwa muamala ukishakamilika, na hilo huweza kuchukua siku kadhaa. Tuseme kadi inatoa pointi 1 kwa kila shilingi 100. Umenunua vitu vya shilingi 12,000 tarehe 30, muamala ukakamilika tarehe 2. Pointi 120 utazikuta kwenye taarifa ya mwezi mpya, si ya mwezi uliponunua. Ukirudisha pasi ya shilingi 3,000, pointi 30 huondolewa, hata kama umeshazitumia.

Kinachouma zaidi ni kuisha muda. Katika mipango mingi kila fungu la pointi lina tarehe yake, na la zamani ndilo hutumika kwanza. Kwa hiyo kuona jumla ya 5,000 hakukuambii mengi. Tafuta mstari wa pointi zinazokaribia kuisha. Ukitaka kuhakiki pointi ulizopata, chukua jumla ya matumizi kwenye taarifa ya mwezi, toa thamani ya vitu ulivyorudisha, pia fedha ulizochukua ATM na ada za benki, maana kwa kawaida hazina pointi, kisha, kwa kadi kama ile ya mfano, gawa kwa 100.

Benki yangu huonyesha jumla peke yake. Naomba benki zetu ziandike tarehe ya kuisha kando ya kila fungu, kwenye taarifa ileile ya mwezi.

Msomaji,
Mombasa