Barua ya 'kazi nyepesi' pekee haimlindi anayerejea kutoka likizo ya ugonjwa

WAFANYAKAZI wengi nchini hurejea kazini baada ya maradhi ya muda mrefu wakiwa na barua ya daktari yenye maneno mawili tu: kazi nyepesi. Mwajiri huipokea, huihifadhi kwenye faili, kisha kila mtu huitafsiri apendavyo. Hapo ndipo mizozo mingi huanzia.

Sheria ya Ajira ya 2007 haisaidii sana katika hatua hii. Kifungu cha 30 kinampa mwajiriwa aliyehudumu miezi miwili mfululizo angalau siku saba za likizo ya ugonjwa kwa mshahara kamili, na siku saba nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12. Mikataba mingi huongeza siku hizo. Hata hivyo, kifungu hicho hakielezi mtu arejee vipi baada ya kuugua kwa miezi kadhaa. Pengo hilo huzibwa na makubaliano ya maandishi kati ya pande mbili.

Chukua mfano wa karani wa hesabu ambaye amekuwa nje kwa miezi minne baada ya kupasuliwa uti wa mgongo. Kwa kawaida hufanya kazi saa 40 kwa wiki. Mpango mwafaka unaweza kumtaka afike siku tatu kwa wiki, saa nne kila siku, katika wiki mbili za kwanza. Wiki ya tatu na ya nne atafika siku zote tano kwa saa nne. Wiki ya tano na ya sita saa zitapanda hadi sita kwa siku, na kuanzia wiki ya saba atarejelea saa nane.

Lakini saa ni nusu tu ya mpango. Kosa linalotokea mara kwa mara ni kupunguza saa huku majukumu yakibaki yale yale, hivi kwamba karani anatarajiwa kumaliza kazi ya saa nane kwa saa nne. Ni sharti mpango utaje kazi atakazofanya, kwa mfano kulinganisha vitabu vya hesabu na taarifa za benki, na zile ambazo mwenzake atazishika kwa muda, kama vile kubeba masanduku ya faili na kufunga hesabu za mwisho wa mwezi. Aidha, si busara kuongeza saa na kurudisha majukumu mazito katika wiki moja. Hali ikizorota, hakuna atakayejua chanzo ni kipi.

Kwa sababu hiyo, mikutano ya tathmini hupangiwa tarehe mapema, mwishoni mwa kila wiki mbili. Maswali yake ni machache: saa zilizokubaliwa zilizingatiwa? Ni kazi gani iliyomshinda? Aliamkaje siku iliyofuata? Mfanyakazi anayebeba kazi nyumbani, au anayeshinda kitandani kila siku ya mapumziko, hajapona vya kutosha kupanda hatua nyingine, hata kama msimamizi anaridhika naye. Katika hali hiyo hurudishwa hatua moja nyuma kwa wiki mbili, na daktari huulizwa upya. Daktari naye hahitaji kufichua maradhi. Linalotakiwa ni aeleze uzito ambao mtu anaweza kuinua na muda anaoweza kuketi bila kupumzika.

Suala la mshahara ndilo huwa nyeti zaidi. Iwapo mpango hautaji malipo ya saa ambazo hazikufanywa kazi, huenda mfanyakazi akashtukia mshahara umekatwa mwisho wa mwezi. Baadhi ya waajiri hulipa kikamilifu kwa wiki hizo, na wengine hukubali siku za likizo ya mwaka zijaze pengo. Lolote litakaloafikiwa liandikwe, pamoja na tarehe ya kikomo, ili saa chache za muda zisije zikageuzwa kuwa mkataba mpya. Kifungu cha 10 kinamtaka mwajiri kushauriana na mwajiriwa anapobadilisha masharti ya kazi, na kumjulisha kwa maandishi.

Maandishi hayo ndiyo ngao iwapo mambo yataharibika. Chini ya kifungu cha 41, mwajiri anayetaka kumfuta mtu kwa sababu ya utendakazi duni au kutojiweza kimwili lazima kwanza amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama, na amsikilize. Karani mwenye mpango uliotiwa saini na kumbukumbu za mikutano anaweza kuonyesha kuwa alitimiza alichoagizwa. Aliye na barua ya kazi nyepesi pekee atapimwa kwa kipimo cha mtu mzima wa afya, na huenda udhaifu wa wiki zake za mwanzo ukaitwa uzembe.