"Tumebadilisha rangi tu"? Zii.

Wasee, mtu akikurudishia slaidi zako na kusema "tumebadilisha rangi tu," usijibu "sawa" bado. Mimi nilikaribia. Nilikuwa nimetumia kampuni fulani slaidi 9 za kampeni, wakarudisha "toleo la mwisho" lenye slaidi 10. Rangi gani hiyo inazaa slaidi?

Nilifungua faili yangu kwa PowerPoint, nikaenda Review, kisha Compare, nikachagua yao. Ikanionyesha kila mahali wameguza. Nikaandika maneno ya zamani kando ya mapya, juu kusema "mmeguza malipo" ni kuwapa nafasi ya kukataa.

Slaidi ya 4, "video 3" imekuwa "video zisizopungua 3". Yaani wanaweza kuitisha 10 kwa pesa ileile. Slaidi ya 6, "kwa siku 90" imetolewa, kwa hivyo sura yangu ingekaa kwa matangazo yao bila kikomo. Slaidi ya 7, "malipo siku 14 baada ya ankara" imekuwa "malipo baada ya kampeni kukamilika", na hakuna mahali wamesema itakamilika lini. Slaidi ya 8 ndio mpya: nisifanye kazi na washindani wao.

Na chunga, Compare haisomi maandishi yaliyo ndani ya picha. Jedwali la bei walikuwa wameligeuza picha. Hapo nilisoma kwa macho, mstari kwa mstari, ndio nikaona pesa ya usafiri imetoka.

Niliwatumia mistari 5, bila matusi. Siku 90 zikarudi, na zile 14 pia. Usafiri bado tunavutana.