Maoni Yetu: Dozi ya Siyu isipotee njiani

Mwanafunzi wa uuguzi akimaliza somo la famakolojia huwa ameyakariri makundi ya viuavijasumu, majina yake na madhara yake. Anaweza kueleza jinsi penisilini inavyoizuia bakteria isijenge ukuta wake. Hayo ni ya lazima. Lakini mgonjwa wa Siyu haponzwi na muuguzi aliyesahau kundi la dawa. Anaponzwa na mambo manne: swali la mzio lililoulizwa nusu, sampuli iliyochukuliwa dawa ikiwa imeshaingia, dozi isiyojulikana ilitolewa saa ngapi, na maelezo ya nyumbani yaliyotolewa mgonjwa akiwa na mguu mmoja nje. Rai yetu ni kwamba mambo haya manne yawe kiini cha somo, na mwanafunzi atahiniwe kwa vitendo.

Tunaitaja Siyu makusudi. Mji huu uko kisiwani Pate, na mgonjwa anayemshinda muuguzi wa zahanati hupelekwa hospitali ya Faza, au hufungiwa safari ya mashua hadi hospitali ya King Fahd mjini Lamu. Safari hiyo hutegemea maji. Yakipwa, mkondo wa mikoko wa Siyu haupitiki, na chombo cha Lamu kinachotaka kupita Mkanda nacho hungoja yajae. Kwa hiyo baina ya mkono wa muuguzi wa kwanza na wa pili huweza kupita saa nyingi. Asipoandika alichokifanya, wa pili ataanza upya au atakisia.

Tuchukue mgonjwa wa mfano. Ni mwanamke mwenye mimba ya miezi mitano. Amekuja zahanati mchana akitetemeka, joto lake ni nyuzi 39, anaumwa ubavuni na mkojo unamchoma. Dalili hizi zinaonyesha maambukizi yaliyofika kwenye figo, na kwa mjamzito hilo ni jambo la hospitali: huweza kuanzisha uchungu kabla ya wakati au kusambaa katika damu. Tabibu amepigiwa simu, ameagiza seftriaksoni gramu 1 na rufaa. Chombo hakiwezi kutoka mpaka maji yajae. Muuguzi afanye nini, na kwa utaratibu gani?

Kwanza aulize mzio. Mgonjwa anasema, “Mimi penisilini inanikataa.” Muuguzi aliyefundishwa nusu huandika kwa wino mwekundu “mzio wa penisilini” na kuendelea. Aliyefundishwa vizuri huuliza, “Dada, ulipoitumia ilikufanya nini? Ilikuwa baada ya muda gani? Ulitibiwa vipi? Umewahi kuitumia tena?” Akijibu, “Tumbo lilinikata nikaendesha siku mbili,” hayo ni maudhi ya dawa, si mzio. Jibu likiwa kwamba alivimba midomo, akatokwa na mabaka ya kuwasha mwili mzima na pumzi ikambana ndani ya saa moja, hiyo ni hatari ya kweli. Penisilini hapewi, na hata seftriaksoni, ambayo ni jamaa yake wa mbali, haitolewi mpaka tabibu aelezwe habari yote na aamue. Wengi wanaojulikana kuwa na mzio wa penisilini, wakipimwa, huonekana hawana. Lebo ya uongo ina gharama: humnyima mgonjwa dawa nzuri ya bei nafuu na kumsukuma kwenye dawa kali ambazo tungependa ziwekwe akiba. Kwa hiyo kinachoandikwa ni jina la dawa, kilichotokea na lini. Na kabla ya sindano yoyote, adrenalini iwe mezani. Mtu mzima anayepatwa na mzio mkali hudungwa miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja, papo hapo.

Pili, achukue mkojo kabla ya dozi ya kwanza. Dozi moja tu yaweza kuwafyeka bakteria kwenye mkojo kiasi kwamba maabara haitaotesha kitu, ilhali figo bado zinaumwa. Mgonjwa ajisafishe, aache mkojo wa mwanzo uende, akinge wa katikati ndani ya chupa safi iliyofungwa kiwandani. Chupa iandikwe jina, tarehe na saa, na kama dawa imeshatolewa au bado. Kuanzia hapo adui ni joto. Mkojo ukikaa nje zaidi ya saa 2, bakteria wachache waliodondoka kutoka kwenye ngozi huzaliana, na maabara huhesabu umati ambao haukuwa ndani ya kibofu. Ukiwekwa kwenye kasha la barafu huweza kusubiri hadi saa 24, muda unaotosha kwa safari ya mashua. Usiwekwe ndani ya friji ya chanjo.

Utaratibu huu una mipaka, na mwanafunzi aijue. Mgonjwa akiwa amelegea, shinikizo la damu limeshuka, au hawezi kukojoa, dozi haingoji chupa. Dawa hutolewa, na saa yake huandikwa ili maabara ijue. Vilevile muuguzi apige simu mapema kuuliza kama huko anakopeleka kuna maabara inayootesha bakteria kwa siku hiyo. Sampuli isiyo na pa kwenda ni usumbufu mtupu kwa mgonjwa.

Tatu ni saa. Hapa ndipo famakolojia inapopata maana. Seftriaksoni hukaa mwilini muda mrefu: nusu yake huchukua takriban saa 8 kutoka, hivyo dozi moja hutosha siku nzima. Penisilini ya sindano ni kinyume chake. Nusu yake hutoka chini ya saa moja, na nguvu yake hutokana na muda inaokaa juu ya kiwango kinachoua, si na wingi wake kwa mara moja. Ndiyo maana hutolewa kila saa 6. Jentamisini nayo huua kwa kufika kiwango cha juu mara moja, kisha yapasa ishuke. Ikirundikana huharibu figo na masikio. Mwanafunzi akielewa tofauti hizi hahitaji kukariri ratiba. Atajua kwamba dozi ya penisilini ya usiku wa manane ikirukwa, mgonjwa anabaki saa 12 karibu bila ulinzi, na kwamba dozi ya pili ya jentamisini ikitolewa mapema ni hatari.

Kosa hili halijifichi kwa anayejua kutazama. Karatasi ya matibabu yenye saa nadhifu mno, 6:00, 12:00, 18:00, zote kwa mwandiko mmoja na wino uleule, imejazwa kwa mkupuo mwisho wa zamu. Saa inayotakiwa kuandikwa ni ile dawa ilipoingia mwilini, si ile iliyopangwa.

Kwetu pwani kuna mtego mwingine. Mgonjwa wetu amepata dozi yake saa tisa alasiri. Muuguzi mmoja akiandika “9” na mwingine akisoma saa 9 za saa ya Kizungu, dozi ya kesho itatangulia kwa saa 6, au itaonekana imechelewa na kurudiwa. Dawa ni ileile, kosa ni la tarakimu moja. Barua ya rufaa iandike 15:00, hesabu ya saa 24, bila hiari. Iandike pia dawa, kiasi, njia iliyotumika, kwamba mkojo umechukuliwa 14:40 kabla ya dozi, na maelezo ya mzio kama yalivyotolewa. Mistari mitano inatosha. Muuguzi wa Lamu akiipokea saa mbili usiku, hatadunga dozi nyingine kwa wasiwasi. Atajua inayofuata ni kesho 15:00.

Kazi haiishii wodini. Majibu ya kuotesha hutoka baada ya siku 2 au 3, na mara nyingi hulala kwenye daftari la maabara kwa kuwa hakuna aliyeyafuata. Muuguzi wa zamu ndiye wa kuyafuata na kumkumbusha tabibu: bakteria huyu anauawa na dawa nyepesi zaidi? Homa imeshuka, mgonjwa anakula. Je, sindano iachwe aende kwenye vidonge? Swali hilo peke yake huokoa mshipa wa mgonjwa, fedha za hospitali na dawa yenyewe.

Nne ni nyumbani. Mama anarudi Siyu na vidonge vya kukamilisha siku alizopangiwa na tabibu. Tuseme ni Ramadhani. Sheria inampa mjamzito na mgonjwa ruhusa ya kula, lakini wako wanaofunga, na muuguzi asiyeuliza hatajua. Dawa ya mara tatu kwa siku itamezwa mara mbili, au vitatu vyote baada ya futari. Muuguzi aulize kwanza, bila kumkemea. Ikiwa mama amekusudia kufunga, amuulize tabibu kama ipo dawa inayomfaa mjamzito, inayoua bakteria aliyeonekana, na inayomezwa mara mbili: baada ya futari na wakati wa daku. Kisha amwombe mama aeleze mwenyewe atakavyoimeza. Maelezo yakirudi sawa, yameshika. Na amwambie wazi kwamba siku alizopangiwa ni hizohizo: hazipunguzwi homa ikiisha, haziongezwi kwa hofu, na kidonge kikibaki hakipewi jirani.

Kenya ina mpango wa kitaifa wa kukabili usugu wa dawa tangu 2017, na sasa iko katika awamu ya 2023 hadi 2027. Mpango huo hufika au haufiki Siyu kupitia kwa muuguzi. Basi tunataka mambo matatu. Vyuo vya uuguzi, vikiwemo vya KMTC, vimweke mwanafunzi mbele ya mgonjwa wa mfano kama huyu na kumpa maksi kwa maswali anayouliza, chupa anayoandika na barua anayojaza; anayeruka swali la mzio au kuandika saa isiyosomeka, arudie. Idara ya afya ya kaunti iongeze katika fomu ya rufaa sehemu ya kiuavijasumu, saa kwa hesabu ya 24, sampuli na mzio. Na kila zahanati ya kisiwani iwe na chupa za mkojo, kasha la barafu lisilo la chanjo, na adrenalini ambayo muda wake haujapita.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachongoja jengo jipya wala mashine. Fomu yaweza kuchapishwa mwezi huu, na mtihani waweza kubadilishwa muhula ujao.