Tarakimu Tatu Hazitaji Kiwanda

Ujumbe ule umezunguka miaka mingi kwenye makundi ya WhatsApp, na kila ukirudi huja na picha mpya. Unasema utazame tarakimu tatu za mwanzo za barkodi, ile mistari myeusi iliyo nyuma ya pakiti. Zikiwa kati ya 690 na 699, basi bidhaa imetengenezwa China, hata kama pakiti inasema vingine. Mwezi uliopita binamu yangu aliuleta kwenye kundi la ukoo wetu, safari hii ukiwa na picha ya unga wa lishe unaofungashwa na mama mmoja wa Morogoro. Pakiti imeandikwa "Imetengenezwa Tanzania". Chini ya picha mtu ameongeza: "Ona 690! Tunadanganywa mchana kweupe." Kufika jioni shangazi zangu wawili walikuwa wameapa hawaugusi tena unga huo.

Imani hii ni ya uongo, na inawakata riziki watu wasio na kosa. Tarakimu za mwanzo zinaeleza jambo moja tu: ni ofisi ipi ya shirika la GS1 iliyoipa kampuni namba zake. GS1 ndilo shirika la kimataifa linalogawa namba hizi, na lina ofisi katika nchi nyingi. Ofisi ya China hutoa namba zinazoanza na 690 hadi 699, ya Kenya 616, ya Tanzania 620, ya Afrika Kusini 600 na 601. Kampuni ya Nairobi iliyosajiliwa kwa 616 ikiagiza ndoo zake zitengenezwe Guangzhou, ndoo hizo zitafika Mombasa zikiwa na 616. Hakuna aliyedanganya hapo. Namba inamfuata mwenye chapa, na kiwanda kinaweza kuwa popote.

Sisi Watanzania tulipaswa kulijua hili kuliko wengi. Kabla hatujawa na ofisi yetu ya GS1, wazalishaji wetu walichukua namba nje, Kenya na Afrika Kusini zikiwemo. Chai ilivunwa Tanzania, ikafungashwa Tanzania, ikauzwa na namba ya jirani. Wapo pia wafungashaji wadogo wanaonunua namba mtandaoni kwa watu wanaouza namba za zamani za Marekani, kwa sababu ni rahisi. Karanga zao hazijavuka bahari.

Anayebisha na achukue kitabu chochote cha Kiswahili kilicho nyumbani kwake na atazame barkodi ya jalada la nyuma. Vitabu vingi vya miaka ya karibuni vina namba inayoanza na 978. Hiyo ni nchi gani? Si nchi yoyote. Ni tarakimu zilizotengwa kwa ajili ya vitabu, viwe vimechapwa Dar es Salaam, Nairobi au Delhi. Na nyama unayopimiwa kwenye duka kubwa ikabandikwa karatasi yenye bei, mara nyingi namba yake huanza na 2, kwa kuwa kundi hilo limeachwa kwa matumizi ya ndani ya duka.

Sasa turudi kwenye picha ya binamu. Niliikuza nikaona kuwa mng'ao wa plastiki umeangukia tarakimu ya pili. Aliyesoma 9 alikuwa anakisia. Bahati nzuri barkodi ya tarakimu 13 ina kinga yake ndani: tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi, inayopatikana kwa hesabu kutokana na zile 12 zilizotangulia. Namba halisi ya mama yule sitaitoa. Nimepanga nyingine kwa mfululizo ili msomaji aifuate kwa urahisi. Tuseme pakiti inasomeka hivi, kwa madai ya aliyeisambaza:

```
6901234567893
```

Anza kushoto. Chukua tarakimu ya kwanza, ya tatu, ya tano, ya saba, ya tisa na ya kumi na moja: 6, 0, 2, 4, 6 na 8. Jumla yake ni 26. Kisha chukua zilizo katikati yake, yaani ya pili, ya nne na kuendelea hadi ya kumi na mbili: 9, 1, 3, 5, 7 na 9. Jumla ni 34. Zidisha kwa 3 upate 102. Ukijumlisha na 26 unapata 128. Ili kufika kumi kamili inayofuata, 130, inahitajika 2. Lakini tarakimu ya mwisho kwenye pakiti ni 3, tena inaonekana vizuri kabisa. Hesabu imekataa.

Ukijua kwamba ni tarakimu moja tu iliyofifia, hesabu hiyo hiyo inaweza kuirudisha. Iache nafasi ya pili wazi. Zile za nafasi za kati zilizobaki zina jumla ya 25, mara 3 ni 75. Ongeza 26, ongeza na 3 ya ukaguzi, unapata 104. Iliyofichwa, ikizidishwa kwa 3, lazima iikamilishe hiyo 104 hadi namba inayoishia na sifuri, kwa hiyo lazima zao lake liishie na 6. Kati ya 0 na 9, ni 2 peke yake inayotoa jibu hilo. Namba inaanza na 620. Zikififia tarakimu mbili, njia hii haifai tena, maana majibu yanakuwa mengi. Hapo omba picha nyingine iliyopigwa kwa mwanga wa kutosha.

Nilipoweka hesabu hii kwenye kundi, kaka mmoja akaandika: "Basi imethibitika, unga ni halali." Hapana, kaka. Huko nako ni kukosea kwa upande wa pili. Hesabu ikikubali inaonyesha tu kwamba namba imepangika. Haisemi lolote juu ya kilichomo ndani ya pakiti. Mwenye kughushi sabuni hunakili lebo nzima, barkodi na kila kitu, na namba aliyoinakili itakubali kila utakapoikagua. Hata anayebuni tarakimu 13 ovyo ana nafasi moja katika kumi ya kupatia. Na kuna kosa ambalo hesabu hii hailioni: ukibadilisha nafasi za tarakimu mbili jirani zinazopishana kwa 5, kama 2 na 7, jumla inakubali kama kawaida.

Barkodi inafaa kuulizia mwenye namba. GS1 wana huduma ya utafutaji mtandaoni, Verified by GS1, ambapo unaandika namba yote na kuonyeshwa kampuni iliyopewa. Jina hilo ulilinganishe na jina lililo kwenye pakiti. Likitofautiana, una swali la kumuuliza muuzaji, na huenda akawa na jibu zuri. Mahali bidhaa ilipotengenezwa patafute kwenye maandishi ya lebo: jina na anwani ya mtengenezaji, namba ya toleo, alama ya TBS au KEBS. Ukishuku, peleka pakiti yenyewe kwa mamlaka hizo, pamoja na risiti.

Binamu yangu ameifuta picha kwenye kundi letu. Lakini alikuwa ameipokea kutoka kundi jingine, na huko bado inazunguka. Ikikufikia, usiitume mbele. Mjibu aliyekuletea, na umwombe naye amrudie aliyempa.