Mahindi ya juu, mahindi ya chini (Sehemu ya 6)

Wiki iliyopita nilinunua debe la mahindi kwa jirani mwenye duka. Juu yalikuwa meupe, makavu, mazuri. Kufika nusu ya mfuko, nakuta mengine yameshikana na yana ukungu wa kijani. Watoto wetu wanasoma madrasa moja. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Nikakumbuka hadithi ya Abu Hurayra, ipo kwa Imam Muslim. Mtume (s.a.w.) alipita penye lundo la nafaka inayouzwa, akatia mkono ndani, vidole vikatoka na unyevu. Mwenye mali akasema ni mvua. Hakulaumiwa kwa mvua. Aliulizwa kwa nini yaliyolowa hakuyaweka juu watu wayaone, kisha Mtume akajitenga na mwenye kughushi.

Hapo wengi tunapita haraka. Yule mtu hakumwagia maji nafaka yake, wala hakusema uongo. Kosa lake ni mpangilio tu: kizuri juu, kibaya chini. Basi muuza nyanya anayepanga fungu kwa namna hiyo asijidanganye kwamba yeye hakutamka neno.

Na mimi kama nesi naongeza: unyevu huo si hasara ya pesa peke yake. Mahindi yaliyolowa huota ukungu, na ukungu mwingine hutoa sumukuvu inayoharibu ini. Kupika ugali hakuiondoi. Mwaka 2004 kule Makueni na Kitui, Kenya, watu zaidi ya 100 walikufa kwa mahindi ya namna hiyo. Kwa hiyo yaliyolowa jana unaweza kuyaanika, ukamwambia mteja na ukapunguza bei. Yaliyoota ukungu usiuze hata kwa kusema. Na usimpe jirani wa kuku "asipate hasara", maana kuku nao inawadhuru.

Sasa haki ya mnunuzi. Katika fikihi, ukikuta aibu iliyokuwepo kabla ya kununua na hukuambiwa, una hiari ya kurudisha mali na kuchukua pesa yako. Ukiambiwa ukaridhia, huna dai. Yale maandishi ya dukani, "mali ikiuzwa hairudishwi", hayamwokoi muuzaji aliyeijua aibu akanyamaza. Ila usikawie wala usiendelee kuyatumia, maana hapo utahesabiwa umeridhika.

Lakini adabu inakuhusu na wewe mnunuzi. Nilishikwa na hamu ya kupiga picha niitupe kwenye grupu la mtaa (wallahi simu ilikuwa mkononi). Nikaacha. Nilikwenda baada ya Isha, wateja wameondoka, nikamfungulia mfuko. Akaniapia kwamba gunia lilifika hivyo, hakulifungua mpaka chini. Namwamini. Akanirudishia pesa yangu yote, tukashika gunia lililobaki huku na huku, tukalimwaga lote kwenye turubai.