Neptuni Haijakuambia Ufanye Kazi ya Bure

Siku hizi mtandaoni, kila msee anayechora au kuimba amejigundua kuwa "mtoto wa Neptuni". Sawa. Lakini tuangalie basi hiyo ramani ya nyota inasema nini hasa.

Kuna dada mmoja namjua, mchora mabango hapa Nairobi, aliyezaliwa Januari 28, 2000. Neptuni ilikuwa karibu nyuzi 4 za Ndoo, Jua likiwa karibu nyuzi 7. Wanajimu huhesabu sayari hizo kuwa zimekaa pamoja. Na kwa vile siku hiyo Mwezi ulikuwa robo ya mwisho, ulikuwa nyuzi 90 kutoka kwa Jua, na karibu hivyo kutoka kwa Neptuni. Yaani Neptuni imemgusa pande zote mbili.

Jua kwa unajimu ni wewe mwenyewe: jina lako, unachotaka. Neptuni ikilikaribia, mipaka inayeyuka kama barafu juani. Anaona uzuri ambapo wengine wanaona ukuta mchafu, na ndiyo maana mabango yake yanakutuliza. Lakini mteja akimwambia "hii ni ndoto yetu sote", anasahau kuuliza pesa. Mwezi nao ni hisia. Nyuzi 90 ni mvutano, hivyo akiingia chumba chenye mtu amekasirika, anatoka na hasira ambayo si yake, kisha anaomba msamaha kwa kosa ambalo hakufanya.

Mimi siamini sayari iliyo mbali vile inamlazimisha mtu kitu. Mwaka 1985 jarida la Nature lilichapisha jaribio la Shawn Carlson, na wanajimu walishindwa kulinganisha ramani na watu kuliko kubahatisha. Lakini maelezo hayo yamempa huyu dada jina la kitu kilichokuwa kinamla kimyakimya. Sasa anaandika bei na tarehe kabla hajachora mstari hata mmoja, na nusu ya pesa inaingia kwanza. Wateja wawili wa "ndoto yetu" walipotea hapo hapo, bana.

Ukitaka kuangalia yako, chunga saa. Mama akikwambia ulizaliwa saa mbili asubuhi, usijaze 2:00, jaza 8:00. Ukikosea saa sita, Mwezi unasogea kama nyuzi 3, na nyota iliyokuwa ikichomoza inakuwa nyingine kabisa. Cheti cha kuzaliwa mara nyingi hakina saa, kwa hivyo tafuta kadi ya kliniki kama bado iko.

Na yule anayesema "Neptuni yangu ndiyo inanifanya nisijibu simu" baada ya kula arubuni ya watu, huyo ni mwizi wa kawaida. Hiyo haihitaji ramani.