Banda la mianzi linalosimama kwenye skrini tu

Leo sina programu mpya ya kuwaletea. Nina ugomvi, na ugomvi wangu ni na picha za mabanda ya mianzi zinazochorwa kwa kompyuta: paa lililopinda kama wimbi, kamba zimezungushwa vizuri, mwanga unachujika hadi sakafuni kama vitambaa vya dhahabu. Zinasambaa kwenye Watsapu, watu wanasema "hili tulijenge hapa Siongiroi, karibu na pale maziwa yanapokusanywa", harambee inaanza kuzungumzwa. Kisha fundi anapewa simu aitazame picha na kuambiwa: fanya hivi. Hawezi. Si kwamba hajui kazi. Picha yenyewe haiwezekani.

Najua jibu la wachoraji: "Ni picha tu, mhandisi atarekebisha baadaye." Nalikataa. Picha ndiyo inayochangiwa pesa. Mhandisi akishabadilisha kila kiungo, kinachojengwa si kile watu walichokichangia. Na kuchora kwa ukweli si kazi kubwa kama mnavyodhani. Tuchukue banda moja dogo tulipime: upana mita 6, tao linalopanda mita 1.5 juu ya nguzo, mianzi ya kipenyo cha milimita 80. Mwanzi wa milimani unaoota Mau, ule Wakipsigis wanauita tegat, unaweza kufika unene huo.

Kwanza viungo. Kwenye modeli nyingi mianzi miwili inapokutana, mstari wa katikati wa mmoja unakata mstari wa katikati wa mwingine. Yaani mwanzi umepita ndani ya mwenzake kama mzuka, halafu kamba imechorwa juu kuficha aibu. Mianzi iliyofungwa kwa kamba hupita ubavuni mwa mwenzake. Umbali kati ya mistari yao ya katikati hauwezi kuwa chini ya jumla ya nusu vipenyo vyao, kwa hapa milimita 80. Kama unatumia Python ndani ya Blender, jikague hivi:

```python
if axis_distance(a, b) < a.r + b.r:
    print("mianzi imeingiliana:", a.name, b.name)
```

`axis_distance` utaiandika mwenyewe. Ni umbali mfupi kabisa kati ya mistari miwili. Ukiiendesha kwenye zile picha ambazo mianzi sita inakutana kwenye ncha moja, utapata orodha ndefu. Sita haiwezi kukaa nukta moja. Lazima kila mmoja uegemee jirani yake na ncha zizunguke.

Halafu uitazame kamba yenyewe. Kamba inashika kwa msuguano, na mwanzi una ngozi laini inayoteleza. Boriti iliyofungwa ubavuni mwa nguzo bila kitu chini yake itashuka polepole, hasa kama mianzi ilifungwa ikiwa mibichi, maana ikikauka inasinyaa na kamba inabaki imelegea. Fundi mzuri huikalisha boriti juu ya panda, au juu ya kigingi cha mti mgumu, kisha kamba inazuia isiruke tu. Na anafunga karibu na kifundo cha mwanzi, kwa sababu katikati ya pingili ni uwazi mtupu na ukuta wake unabonyea. Kwa hiyo ukiona picha ambayo kamba zimefungwa katikati ya pingili na boriti inaning'inia hewani, mchoraji hajawahi kushika mwanzi.

Pili, paa lililopinda. Hapa ndipo uongo mkubwa ulipo, na hesabu yake ni ya darasani. Tao la upana mita 6 na kimo mita 1.5 ni sehemu ya duara lenye nusu kipenyo cha mita 3.75. Ukipinda kitu, ngozi yake ya nje inavutwa kwa kiasi cha nusu ya unene wake ukigawa kwa nusu kipenyo cha duara. Mwanzi mzima: milimita 40 kwa 3,750, zaidi kidogo ya asilimia 1. Mwanzi mzima uliokauka kwa kawaida utapasuka au kubonyea kabla ya kufika hapo. Sasa upasue upate vibanzi vya unene wa milimita 8: milimita 4 kwa 3,750, asilimia 0.1 hivi. Hiyo unaweza kuipinda kwa mikono.

Kwa hiyo tao la kweli la ukubwa huu ni fungu la vibanzi, vimepindwa kwanza, ndipo vikafungwa pamoja kila baada ya hatua fupi ili visinyooke tena. Lichore hivyo! Fungu la vibanzi linapendeza kuliko bomba laini lisilo na vifundo.

Tao pia linasukuma miguu yake nje. Tuseme paa likiwa limelowa lina kilo 50 kwa kila mita ya mraba, na matao yako mita 2 moja hadi jingine. Kila tao linabeba kilo 100 kwa kila mita ya upana. Msukumo wa pembeni ni 100 × 6 × 6 ÷ (8 × 1.5), yaani kama kilo 300 kila upande. Nani anauzuia? Kwenye picha nyingi, hakuna. Nguzo mbili nyembamba zimesimama wima kama askari. Weka boriti ya kufunga miguu ya tao, au egemeza nguzo kwa mshazari.

Tatu, mwanga. Siongiroi kuna mvua. Paa la fito zenye nafasi wazi litavuja, na mwanzi usiotiwa dawa ukinyeshewa na kugusa udongo huoza kwa mwaka mmoja hadi mitatu. Kwa hiyo mwanga uchujwe pembeni, chini ya upenu mpana, au weka karatasi za plastiki angavu juu ya fito. Nguzo zikae juu ya jiwe au zege. Na ile mistari mikali sakafuni haipo: jua si nukta, lina upana wa nusu digrii angani. Mwanya ulio mita 3 juu unatoa ukingo uliofifia wa karibu milimita 28. Kama mwanya wenyewe ni milimita 20, utaona madoa laini tu. Kwenye Blender weka `Angle` ya jua iwe 0.53°, usiweke sifuri.

Mtu atasema namdharau msanii. Hapana. Simón Vélez wa Kolombia alipotaka kujenga banda la mianzi kwenye maonyesho ya Hannover ya mwaka 2000, Wajerumani hawakuridhika na michoro. Ilibidi lijengwe zima kwanza kule Manizales, likapakiwa mizigo na kupimwa, ndipo likaruhusiwa. Na viungo vyake vilikuwa na boliti na saruji iliyojazwa ndani ya mwanzi, kwa sababu kwa ukubwa ule kamba peke yake haitoshi.

Sisi hatuna uwezo wa kujenga banda mara mbili. Basi angalau picha isiseme uongo. Kabla hujaituma kwa kamati, nionyeshe boriti imekalia nini, tao limepindwaje, na zile kilo 300 zinaenda wapi. Ukikosa jibu, usiitume.

Mwenye hoja tofauti, sehemu ya maoni iko wazi. Njoo na vipimo.